"Huyu ni Kaka Yangu": kisa cha picha ya mzee mmoja wa Ngamiani

Picha ilikuwa safi. Fokasi ilikaa machoni sawasawa, mwanga wa mlangoni ulikuwa laini, na mzee mwenyewe alikuwa ametulia kitini kama mtu asiye na haraka na siku yake. Nilimwekea kiti mbele ya kompyuta ili aione kabla hatujaichapa. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa shati, akaivaa tena. Binti yake alisimama nyuma akitabasamu. Mzee akatazama kwa muda, kisha akasema taratibu, bila hasira yoyote, "Huyu ni kaka yangu."

Kaka yake alikuwa amezikwa siku 12 kabla ya hapo.

Nimekuwa nikipiga na kuhariri picha za watu hapa Tanga kwa miaka mingi, na nimewahi kuambiwa picha imekuwa nyeusi, imekuwa nyeupe, imenenepesha, imezeesha. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia kwa utulivu kabisa kwamba nimempa picha ya mtu mwingine, tena akamtaja. Nilirudi kwenye faili ile nikaipekua hatua kwa hatua, nikitafuta ni wapi hasa mzee alitoka kwenye picha na ndugu yake akaingia. Nayaandika hapa niliyoyaona, kwa sababu kosa hili hufanyika kila siku na mara nyingi hakuna anayelisema.

Picha ilianzia msibani. Familia ilipotaka picha nzuri ya marehemu haikuipata. Kulikuwa na ile ya kitambulisho tu, ikakuzwa mpaka uso ukawa ukungu. Binti wa mzee wetu, anayeishi Dar es Salaam na alikuja Tanga kwa mazishi, akaamua kwamba baba yake hatabaki hivyo. Aliagiza picha moja ya ukutani ya sentimita 30 kwa 40: baba amekaa, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, mkono juu ya bakora. Akaniambia, "Kaka, mfanye apendeze. Mpunguzie na umri kidogo." Sikumuuliza kidogo hicho ni kiasi gani.

Nilipiga kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya sensa ndogo, nikiwa umbali wa kama mita mbili. Umbali huo nauchagua kwa makusudi. Ukimsogelea mtu karibu sana, pua inakuwa kubwa na masikio yanarudi nyuma, na hapo umeshamharibu hata kabla ya kufungua kompyuta. Kwa hiyo umbo la uso lilikuwa sahihi. Mwanga haukuwa sahihi sana. Niliacha kamera ijipimie yenyewe, nayo ilipoona kanzu nyeupe imejaa fremu ikadhani mandhari yote inang'aa, ikabana. Uso ukatoka mweusi kuliko ulivyo. Nilipiga kwa RAW, faili ghafi linalotunza kila ilichonasa kamera, nikajua litarekebishika. Siku ile nilikuwa na harusi Pongwe, nikamwachia faili kijana ninayefanya naye kazi, nikamwambia maneno mawili: "Mtoe vizuri."

Kijana ana mkono mwepesi na jicho zuri. Alifanya kila alichofundishwa, na baadhi nilimfundisha mimi.

Alichokifuta

Nilipofungua Photoshop na kutazama leya zake, yaani tabaka za marekebisho zilizopangwa juu ya picha, niliona kazi ya saa tatu. Alikuwa ameinua Curves, mstari wa kurekebisha mwanga, katikati mpaka uso ukawa mweupe. Alikuwa amefuta vidutu vyeusi vya mashavuni, vile vidogo vilivyoinuka ambavyo watu wengi wenye ngozi nyeusi huanza kuvipata ujanani na kuzidi kadiri umri unavyokwenda. Alikuwa amejaza mifereji inayoshuka kutoka puani hadi kwenye pembe za mdomo. Mifuko ya chini ya macho haikuwepo tena. Weupe wa macho ulikuwa umeoshwa. Alama ya sijda kwenye paji la uso ilifutwa, kwa kuwa aliichukulia kama doa. Kwenye Liquify, kifaa cha kusukuma na kuvuta umbo, alinyoosha kidogo pembe moja ya mdomo iliyoshuka. Na unyusi wa kushoto, ambao una kovu linaloukata katikati, aliujaza nywele alizozichukua kwenye unyusi wa kulia.

Kila kimoja, ukikiangalia peke yake, kimefanywa vizuri. Hakuna ukungu, hakuna mistari ya brashi. Mtu asiyemjua mzee angesema ni picha nzuri ya mzee mwenye afya.

Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hugawana mifupa. Upana wa paji, mkao wa macho, urefu wa pua, vyote hivyo mzee na kaka yake walivichukua sehemu moja. Kilichowatofautisha ni kile ambacho kila mmoja alikipata njiani: kazi, ajali, swala, namna ya kucheka, upande anaolalia. Kijana alipofuta hivyo vyote alibakiza mifupa, na mifupa ile ilikuwa ya ukoo. Ndiyo maana mzee hakusema "huyu simjui." Alimjua. Aliona sura ya kwao imekaa kwenye kanzu yake.

Tangu hapo swali ninalojiuliza kabla ya kugusa uso ni hili: mtu huyu akisimama na ndugu zake, nitamtenga kwa nini? Hicho sikigusi. Swali hili ni kali kuliko lile tulilozoea.

Kanuni ya wiki mbili na pale inapokwama

Tulilozoea ni kanuni ya wiki mbili. Wahariri wengi wa picha za watu wanaijua: kama kitu hakitakuwepo usoni baada ya wiki mbili, kiondoe, kama kitakuwepo, kiache. Chunusi, alama ya kuumwa na mbu, mkunjo ulioachwa na kofia, jasho linalong'aa, uzi kwenye bega, vyote vinatoka bila mjadala. Kovu, chunjua na mwanya vinabaki.

Ni kanuni nzuri na nimeifundisha. Kwa mzee huyu ilinipa majibu ya haraka kwa mambo machache. Vipele vya kunyolea shingoni vilikwenda. Jasho kwenye ncha ya pua likapunguzwa. Mshipa mwekundu katika jicho la kulia, uliotokana na kukosa usingizi, ukaondoka. Kazi ya dakika 15.

Lakini kanuni haisemi kitu kuhusu kiasi. Inakujibu ndiyo au hapana, wakati uso mara nyingi unauliza kiasi gani. Mifuko ya chini ya macho ndiyo ilinionyesha hivyo. Mzee ana mifuko siku zote. Mke wake alinithibitishia. Siku ya picha, hata hivyo, ilikuwa imevimba zaidi kwa sababu ya msiba, usiku wa kukaa na wageni na kulia. Sehemu moja ya mfuko ule ni ya kudumu na sehemu nyingine ingeondoka baada ya wiki moja. Ukiufuta wote unamdanganya. Ukiuacha wote unamtundika ukutani na uchovu wa wiki moja tu ya maisha yake.

Vidutu vya mashavuni vilileta swali la aina yake. Vyenyewe ni vya kudumu. Kivuli chake si cha kudumu. Mwanga wa mlangoni uliingia kutoka ubavuni, ukapita juu ya ngozi kama jua la jioni linavyopita juu ya mchanga, na kila kidutu kikatupa kivuli kinachokizidi ukubwa. Ukikaa na mzee barazani mchana unaona mashavu yenye madoadoa hafifu. Kwenye picha uliona kama amemwagiwa pilipili manga. Hapo hoja ya "kipo, basi kiache" haitoshi, maana kilichokuwepo usoni na kilichokuwepo kwenye picha havikuwa sawa.

Kuna na jambo la kukuza. Kijana alifanya kazi akiwa amekuza asilimia 200. Kwa ukubwa huo kila kidutu ni kilima na mkono unawasha kukiondoa. Picha itachapwa sentimita 40 kwenda juu na itatazamwa na mtu aliyesimama hatua mbili kutoka ukutani. Siku hizi naamua nikiwa nimerudisha picha nzima kwenye kioo, na nakuza tu ninapotekeleza nilichokwisha amua.

Unyusi

Kovu ndilo nililoumia nalo zaidi, nami nitakaa hapo kidogo.

Mzee alifanya kazi bandarini hapa Tanga wakati meli zinatia nanga mbali ghubani na mzigo unaletwa gatini kwa matishari. Kamba ya chuma ilikatika akiwa kijana, ikampiga juu ya jicho. Anasimulia kwa maneno machache tu. Unyusi ukapona ukiwa na pengo la kama nusu sentimita lisiloota nywele, na ngozi ya pale ni nyororo kuliko nyingine.

Kijana aliniambia aliona ni kasoro ya nywele. Nikamwelewa, kwa sababu tunapotazama uso tunadhani macho ndiyo yanayobeba utambulisho, na nyusi ni pambo. Sivyo. Mwaka 2003 watafiti wa MIT walichukua picha za watu mashuhuri, wakafuta macho kwenye baadhi na nyusi kwenye nyingine, wakawauliza watu ni nani hao. Kukosekana kwa nyusi kuliwapoteza watu kuliko kukosekana kwa macho. Nyusi ni mstari mweusi mnene juu ya ngozi, unaonekana kutoka mbali na katika mwanga wowote, na ndiyo unaopandisha hasira au mshangao. Mjukuu wa mzee akimwona babu yake anakuja kutoka mwisho wa barabara, haoni rangi ya mboni. Anaona mwendo, kofia, na labda nyusi ile iliyokatika.

Kwa hiyo kwenye unyusi ule nilirudisha kila kitu, kwa asilimia mia. Nilifanya jambo moja tu: ngozi nyororo ya kovu ilikuwa imeakisi mwanga wa mlangoni ikatoa alama nyeupe inayovuta jicho, nikapunguza mng'ao ule mpaka ukalingana na ngozi ya jirani. Kovu likabaki kovu. Kung'aa kwake kulikuwa kwa mlango wangu.

Alama ya sijda nilimuuliza mwenyewe. Niliona si yangu kuamua, na nilijua pia kwamba ninaweza kukosea upande wa pili. Tukipandisha Clarity, kitelezi kinachokoleza mikunjo na madoa, kwa ajili ya kuonyesha ngozi vizuri, alama kama ile huwa nyeusi zaidi na kuwa kitu cha kwanza kuonekana. Mzee akanijibu, "Mwanangu, usiifute, wala usiitie rangi." Alikuwa na maana kwamba hapendi swala yake itangazwe ukutani. Nikarudisha alama, kisha nikashusha Clarity ya paji la uso mpaka sifuri. Ilikuwepo kwa anayejua pa kuangalia.

Kufuta kabisa kisha kurudisha

Sasa namna nilivyopata kiasi. Haikuwa kwa kukisia.

Kila jambo lenye utata nililiwekea leya yake tupu juu ya picha, nikachagua Healing Brush, brashi ya kufutia madoa, na kwenye Sample nikaweka Current & Below, ili ninachofuta kikae kwenye leya ile bila kugusa picha ya chini. Leya ya mifuko ya macho, leya ya mifereji ya mdomo, leya ya vivuli vya vidutu. Kwenye kila leya nilifuta kabisa, kama kijana alivyofanya. Halafu nikaishusha Opacity, kiwango cha leya kuonekana, kutoka 100 taratibu.

Kuishusha peke yangu hakunisaidii sana, kwa sababu baada ya saa moja mbele ya uso mmoja jicho langu limeshauzoea na halioni tena. Nilimwomba mke wa mzee akae nami. Alikuja na binti. Sikumwonyesha namba. Nilimwambia, "Mama, nitakuwa nabadilisha kidogo kidogo. Ukimwona mwenyewe, niambie."

Kwenye mifereji ya mdomo, kwa 100 mashavu yalikuwa bapa kama puto lililopakwa rangi. Nikashuka. Alinyamaza mpaka nilipofika 30, akasema, "Huyo anakuja." Nilipofika 20 akasema, "Huyo." Nikapanda tena mpaka 50 bila kumwambia, akatikisa kichwa. Nikaweka 20. Mifereji ile ndiyo njia ya kicheko chake, na mtu aliyecheka naye miaka 40 anaijua kina chake kuliko mimi.

Kwenye mifuko ya macho alikubali mapema, karibu na 55. Inaeleweka: nusu ya ule uvimbe ilikuwa ya msiba. Binti alitaka zaidi. "Mama, si tumesema tumpunguzie umri?" Mama akamjibu, "Baba yako tumpumzishe tu, mwanangu. Umri wake umwachie." Tukabaki 55.

Vivuli vya vidutu nilipunguza kwa 40. Hapa nililazimika kuamua mwenyewe, kwa sababu mama hakuona tofauti kati ya 60 na 30, na hiyo ilinifundisha kitu: vidutu kila kimoja peke yake havibebi sura yake. Vinaibeba vikiwa pamoja, kama chembechembe za ngozi ya mtu aliyekaa juani. Isipokuwa kimoja, kikubwa kidogo, chini ya jicho la kulia. Nilipokizima kwa majaribio mama akasema papo hapo, "Mbona kile cha hapa hakipo?" Kikarudi, na nikakitoa kabisa kwenye hesabu ya vinavyopunguzwa.

Leya ya Liquify niliitupa yote.

Rangi

Weupe wa uso haukutatuliwa na kitelezi, na ndio sehemu ambayo kwetu hukosewa zaidi na kulalamikiwa kidogo zaidi, kwa sababu wengi wamezoea studio kuwatoa weupe na wengine huomba hivyo. Mzee hakuomba. Na picha yenyewe ilitoa ushahidi: mkono uliokuwa juu ya bakora ulibaki na rangi yake, uso ukawa wa mtu mwingine. Ukitaka kujua kama uso umepandishwa kupita kiasi, tazama mkono, sikio na shingo. Hariri iliyofanywa usoni peke yake mara nyingi huvisahau hivyo vitatu.

Macho pia yalitoa ushahidi. Kijana aliyaosha mpaka weupe wake ukazidi kanzu. Hakuna jicho la binadamu lililo jeupe kuliko kanzu iliyotoka kufuliwa, sembuse la mzee wa miaka 68, ambalo lina umanjano kidogo na mviringo wa kijivu pembeni mwa mboni. Kanzu ikawa kipimo changu: chochote usoni kikikaribia weupe wake, nimevuka mpaka. Mviringo ule wa kijivu nikauacha kama ulivyo.

Kosa la awali lilikuwa langu, kamera ilibana. Nikarudi kwenye RAW na kupandisha Exposure kwa 0.70 kwenye picha nzima, uso na mkono pamoja, kisha nikashusha Highlights ili nyuzi za kanzu zisipotee. Lakini namba ile haikutoka kwenye kioo cha kompyuta. Kioo kinang'aa chenyewe na kinaweza kukushawishi chochote. Nilichapa kipande kidogo chenye shavu na mkono, mara tatu, kwa 0.40, 0.70 na 1.00. Nikatoka na mzee mlangoni, nikashika kila kipande karibu na shavu lake. Cha 0.40 kilikuwa cheusi kidogo kuliko yeye. Cha 1.00 kilikuwa cha mtu mwingine. Kazi ya karatasi tatu ndogo, na hakukuwa na ubishi.

Kioo cha kunyolea

Nilidhani tumemaliza. Mzee akatazama picha mpya, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akasita. "Ni mimi," alisema. "Lakini mdomo umepinda. Na hiki kichwa mbona kimelala upande?"

Mke wake akacheka. "Mdomo ndio huo huo tangu uliponioa."

Wote wawili walikuwa wakweli. Mzee anajijua kwenye kioo anachonyolea kila Ijumaa, na kioo kinageuza upande. Pembe ya mdomo wake iliyoshuka ni ya kushoto; yeye huiona upande wa kushoto wa kioo, na kwenye picha imehamia upande wa kulia. Mke wake hajawahi kumwona kwa namna ya kioo. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili: waliwaonyesha watu picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa. Wenyewe walielekea kuipenda iliyogeuzwa, rafiki zao wakaipenda ya kawaida. Kila mmoja alipenda sura aliyoizoea.

Hii ndiyo hatari kubwa ya kunyoosha. Mtu akilalamika kwamba uso umepinda, mhariri hukimbilia Liquify, na kwa kufanya hivyo anafuta mpindo ambao watu wote wengine wanamjulia nao. Mimi nilifungua Image, Image Rotation, Flip Canvas Horizontal. Mzee akasogea mbele. "Hapo sawa." Kisha akaona mwenyewe: kovu limehamia unyusi wa kulia, saa imehama mkono.

Nilimweleza kwamba picha hii atakayeitazama zaidi si yeye. Ni mke wake, wanawe, na wajukuu watakaokuja kukaa pale sebuleni. Akafikiri kidogo. "Basi iwe ya kwao." Nikairudisha ilivyokuwa na tukaipeleka kuchapwa. Kama ingekuwa picha ndogo ya kuweka kwenye simu yake mwenyewe, sina hakika ningemkatalia ile ya kioo.

Wakati nafunga faili, kijana akaniuliza kama afute toleo la kwanza. Mzee alimsikia. Alikuwa ameshafika mlangoni, bakora mkononi, akageuka.

"Ile ya kaka yangu? Nionyeshe tena."

Nikaifungua. Nilijua familia haikuwa na picha nzuri ya marehemu, na nikaanza kuogopa ombi ambalo lingefuata. Mzee aliinama karibu na kioo, safari hii kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kisha akaweka kidole kwenye kidevu cha yule mtu, upande wa kulia.

"Hapa alikuwa na chunjua," alisema. "Kubwa hivi. Hapana, siye. Futa."